Barua ya wazi: Simu zetu ziandikwe thamani yake kwenye stakabadhi

Kwa Mkurugenzi mwenye dhamana ya kusimamia huduma za vifurushi,
Dodoma.

Ndugu Mkurugenzi,

Kwa heshima zote nakuandikia hadharani, kwa sababu barua nilizozileta ofisini kwako zilipokelewa, zikagongwa muhuri, na mpaka leo hazijajibiwa. Ulipokaa na sisi wafanyabiashara wa simu wa hapa mjini ulituahidi kwamba kabla ya mwaka kwisha kila wakala wa vifurushi atakuwa na stakabadhi yenye nafasi ya kuandika thamani ya mzigo. Mwaka umekwisha. Kilichonifanya nisisubiri tena ni boksi la simu nililomtumia mteja wangu wa Kigoma kwa basi mwezi uliopita.

Lilikuwa na simu 6 zilizotumika, kila moja ya Sh 350,000, yaani mali ya Sh 2,100,000. Kabla ya kuzifunga nilipiga *#06# kwenye kila simu, nikaziandika namba za IMEI kwenye karatasi, kisha nikazizima zote zikiwa na chaji isiyozidi asilimia 30, kwa kuwa betri ya lithiamu iliyojaa ina nishati nyingi zaidi ya kugeuka joto pale inapoumia. Kila simu niliizungushia plastiki ya vipovu, nikaitenga na mwenzake kwa kipande cha kadibodi, nikazipanga katikati ya boksi gumu na kujaza pembe zote mpaka nilipolitikisa hakuna kilichocheza ndani. Nilipiga picha boksi likiwa wazi na karatasi ya namba ikiwa juu yake.

Dirishani nikamwomba karani aandike idadi, namba na thamani. Alinijibu kwa upole kabisa: "Fundi, sisi hatuandiki thamani, tunaandika mzigo." Akaandika "Boksi 1, vifaa", akapokea Sh 15,000 ya nauli ya mzigo. Nyuma ya stakabadhi hiyo, kwa herufi ndogo, imeandikwa kwamba mzigo ambao mteja hakutaja thamani yake utafidiwa kwa kiasi kisichozidi Sh 50,000. Nakuomba uisome sentensi hiyo kama msimamizi wetu: mteja anaadhibiwa kwa kutotaja thamani na kampuni ambayo karani wake amekataa kuiandika.

Boksi lilifika limebonyea ubavuni na lina tundu. Simu 5 zilikuwa nzima. Ya sita ilikuwa imepinda, kioo kimeinuka na mfuniko wa nyuma umeachia gundi, kwa sababu betri ilikuwa imevimba. Sikuwemo kwenye buti la basi, lakini tundu lile lilikuwa na ncha, nami naamini kwamba kati ya Manyoni na Tabora mzigo wenye chuma ulilala juu ya boksi langu na hakuna aliyejua kuna nini ndani, maana neno "vifaa" halimwambii mpakizi chochote. Nililipwa Sh 50,000. Zile Sh 300,000 zilizobaki zilikuwa kodi ya kibanda changu, na mwenye nyumba hapokei maelezo ya buti.

Kilichofuata kilinitisha kuliko hasara. Wakala wa kule alimshauri mteja anirudishie simu ile kwa ndege ili ifike haraka. Ndugu Mkurugenzi, betri iliyovimba au kupondwa haipandishwi ndege, iwe kama mzigo au ndani ya begi la abiria. Uvimbe ule ni gesi, dalili kwamba kemikali za ndani zimeanza kuharibika. Na utando mwembamba unaotenganisha pande mbili za betri ukishapasuka, pande hizo hugusana, joto hupanda lenyewe, na moto wake huweza kurudi hata baada ya kuzimwa. Nilimwomba mteja aiweke simu kwenye ndoo ya bati yenye mchanga mkavu, nje, mbali na ukuta. Karani wa basi naye angeipokea bila swali, kwa sababu hakuna anayemtaka aulize hali ya betri.

Upande wa pili wapo mawakala wanaokataa simu zote kwa kusema betri hairuhusiwi, na hilo nalo ni kosa. Kanuni za kimataifa za usafiri wa anga hutofautisha betri iliyo ndani ya simu na betri iliyo peke yake. Betri za lithiamu za kuchaji zikiwa peke yake zimezuiwa kusafirishwa kama shehena kwenye ndege za abiria tangu Aprili 2016, na abiria mwenye betri ya akiba au pawabenki hutakiwa kubaki nayo kwenye begi la mkononi. Simu nzima hupokewa kwa masharti. Betri ya mAh 5,000 yenye volti 3.85 ina wati-saa 19.25 tu, wakati kikomo cha kawaida ni wati-saa 100. Hata vifurushi vya posta vya kimataifa huruhusiwa betri 2 ndani ya vifaa, pale ambapo shirika la posta la nchi limepata kibali cha mamlaka ya anga.

Mtu anayekataliwa bila sababu huenda dirisha la pili na kuandika "nguo". Hapo amepoteza kila kitu, kwa sababu mwenye bima hulipa mali iliyotajwa, na nguo haziwezi kudaiwa kama simu.

Ndiyo maana thamani na bima lazima vitenganishwe pale dirishani. Kutaja thamani kunapandisha kikomo cha kile ambacho msafirishaji anaweza kudaiwa, nawe bado utabishana naye kama kosa ni lake. Bima hulipa hata kama hakuna wa kulaumiwa, ila hukataa ikiwa mzigo ulifungwa vibaya au kifaa kilikuwa kibovu tangu mwanzo. Picha zangu na namba za IMEI zingekuwa na kazi hapo. Tena wapo wanaopunguza thamani ili walipe ada ndogo. Kama ningeandika Sh 700,000 badala ya Sh 2,100,000, ningekuwa nimekatia bima theluthi moja tu, na bima nyingi za mizigo zingenilipa theluthi ya hasara: takriban Sh 116,700 kwa simu ya Sh 350,000. Hakuna karani aliyewahi kunieleza hilo. Hata kama ada ingekuwa asilimia 1, ningelipa Sh 21,000 siku ileile bila kunung'unika.

Sikuombi unilipie simu yangu. Naomba utimize ulilolisema mbele yetu: stakabadhi iwe na nafasi ya aina ya kifaa, idadi, namba za IMEI na thamani, karani aulize kama betri ni nzima na akatae iliyovimba, na bei ya bima ibandikwe dirishani ili mteja achague mwenyewe kuilipa au kuiacha. Kama yote hayo ni mengi kwa mara moja, anza na thamani. Agiza iandikwe, na karani asiruhusiwe kuikataa. Nafasi moja ya thamani kwenye karatasi ambayo tayari inachapishwa kila siku, Ndugu Mkurugenzi, na tarehe ya kuanza kutumika.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi na muuzaji wa simu, Dodoma.