Kaka, kuzima `cron` peke yake hakutoshi

Kaka mambo,

Meseji yako nimeiona, eti kimya cha uchaguzi kikianza, ule muda kampeni haziruhusiwi, we unazima tu `cron` inayotoa posti za mgombea wako alafu unaenda kulala. Ngoja kwanza, hapo hapo ndo mi niliungua kipindi kile nashika akaunti za yule mgombea.

Kwanza soma sheria yenu inahesabu kuanzia wapi. India kwa mfano ni saa 48 kurudi nyuma kutoka muda wa kufunga kura, sio kufungua, watu wengi wanachanganya hapo. Tuseme na kwenu ni hivohivo na vituo vinafungwa Jumanne saa kumi na mbili jioni, basi mwisho wako ni Jumapili saa kumi na mbili jioni. Mi nilikuwa na saa kama hizo, nikaandika 18:00, nikaona poa, kumbe seva inasoma UTC na sisi tuko saa 3 mbele, yaani nilitakiwa niweke 15:00. Masaa matatu mazima posti zikawa zinatoka tu na mi nimejilaza najua nishazima. We andika `18:00+03:00` kabisa usiiachie seva ikisie, na funga nusu saa kabla.

Alafu hiyo `cron` inaacha kuingiza posti mpya kwenye foleni, basi. Zilizokwisha kuingia zinaendelea, na ile iliyofeli sababu ya mtandao inajaribu tena yenyewe usiku wa manane. Ndo maana siku hizi mi naweka kizuizi hatua ya mwisho kabisa, pale posti inapotaka kutumwa, kila moja inaulizwa saa ngapi sasa hivi, ikiangukia ndani ya kimya inawekwa kando. Ila hata hicho hakizigusi zile ulizopanga kulekule kwenye mtandao wa kijamii wenyewe, hizo ziko kwao sio kwako, lazima uingie uzitoe kwa mkono. Matangazo ya kulipia nayo yana swichi yake. Na usiamini dashibodi, yangu iliandika "imesimama" huku posti inatoka, nilijua tu kwa kufungua ukurasa na simu nyingine.

Sasa balaa lenyewe ni kuwasha tena (hili hakuna aliyeniambia). Nilivofungua foleni zikamwagika posti 26 ndani ya dakika mbili, ya kwanza "kesho tukapige kura" na watu wanasubiri matokeo, aibu tupu. Kila posti ipe saa ya kuisha muda, ikipita itupwe isitumwe. Kwenye zile 26 nilipozipitia baadae zilizokuwa na maana bado ni 3 tu.

Nitumie listi ya ulizopanga kule kwenye mtandao wenyewe, Jumamosi tuzitoe pamoja kabla hatujagusa hiyo `cron`.

Wako yuleyule