Kwa nyinyi mafizio na watu wa oti, yaani okupeshono therapi, mliomaliza juzi hapa Kenya

Wanangu, nimesimamia maintani miaka mingi na kinachowakwamisha wengi sio kazi ya wodini, ni makaratasi, kwa hivyo nisomeni polepole.

Kwanza mjue mlango wenu. Mafizio wana baraza lao chini ya sheria ya 2014, watu wa oti wana lao chini ya sheria ya 2017, na jina kuingia kwenye rejista sio sawa na kuwa na laiseni. Rejista unaingia mara moja, laiseni ni ya kila mwaka, na hiyo laiseni ndiyo inakupa ruhusa ya kushika mgonjwa. Kuna kijana aliniambia eti "nimesharejista mzee", kumbe laiseni ilikuwa imeisha miezi minne na bado anatibu watu. Hapo ni kosa la kisheria, usicheze nayo.

Sasa intanship. Kuna binti wa oti alipangiwa miezi 12 kwenye hospitali moja ya kaunti, mtu wa oti hapo alikuwa mmoja tu. Mwezi wa tano yule dada aliyekuwa anamsimamia akahamishwa, binti akabaki anatengeneza splinti za mikono na kukaa na watoto wa serebro palsi peke yake, na logibuku ikawa inasainiwa na fizio wa hospitali kwa sababu ndiye alikuwa karibu. Alipomaliza akapeleka fomu, ikarudi. Fizio si mtu wa fani yake, hawezi kuthibitisha kama tathmini ya mtoto kula na kuvaa imefanywa sawa. Ile miezi ikabidi airudie, na mshahara wa intani hakuna tena, alikuwa anakopa nauli.

Angepiga ripoti wiki ileile dada alipohamishwa, angehamishiwa kituo chenye msimamizi. Kwa hivyo siku ya kwanza kabisa omba kwa heshima kuona laiseni ya anayekusimamia, iwe ya fani yako na iwe ya mwaka huu. Hatakasirika, na akikasirika bora ujue mapema. Halafu saini zichukue kila mwisho wa wiki, usingoje mwisho wa rotesheni, mtu akienda likizo au akihama hakuna atakayekubali kusaini kitu ambacho hakukiona. Piga picha kila ukurasa, maana logibuku zinaloa mvua, zinapotea kwa matatu.

Na hela ya laiseni msiingojee Desemba, ndio ada za shule za wadogo zenu zinakuja pia. Gawanya kwa 12, tuseme ni 6,000 basi 500 kila mwezi iende kando. Na pointi za masomo endelevu zianze kukusanywa Januari, kwa sababu unaweza kuwa na pesa yote mkononi na laiseni isitoke kwa kukosa pointi, na hapo hata mwajiri anayekupenda atakutoa kwa rosta mpaka ulete karatasi.