"Dokta, chanjo yako ni feki": kwa nini kuku waliochanjwa Gumboro bado wanakufa

Wiki iliyopita nimepigiwa simu saa kumi na moja alfajiri, mama mmoja wa Chanika, hata salamu hakuna, "dokta umeniuzia chanjo feki, kuku wanaisha." Simu ya aina hii naipata karibu kila mwezi, na kwa kweli inauma, kwa hiyo leo naandika kwa kirefu. Na nyie wadogo zangu mnaosomea utabibu wa mifugo mnaokuja kwetu fildi msome pia, maana kalenda ya chanjo mnaikariri vizuri, siku ya 7 mdondo, ya 14 Gumboro, ya 21 mdondo, ya 28 Gumboro, ila nikiwauliza kwa nini Gumboro isianze siku ya 7 mnaangalia chini.

Nilifika bandani saa mbili. Broila 500, siku ya 24. Jana yake walikufa 12, asubuhi ile 31. Wamejikunyata, manyoya yamesimama, wanaharisha maji meupe na wengine wanajidonoa nyuma. Nikapasua watatu ambao walikuwa bado wa moto. Nyama ya mapaja ina michirizi ya damu, na bursa, kile kifuko kidogo kilicho juu ya njia ya kinyesi, imevimba na imezungukwa na kitu cha njano kama jeli. Hapo sihitaji kubishana na mtu, ni Gumboro, na umri wenyewe ndio huo, wiki ya tatu mpaka ya sita. Bursa ndiko askari wa mwili wa kuku mchanga wanakofundishwa kazi, virusi wakiiharibu hata anayepona anabaki dhaifu, mdondo ukipita unamkuta hana kitu.

Sasa nikamuuliza alichanjaje. Kumbe yeye na jirani yake walinunua kwangu chupa moja ya dozi 1000 wakachangia, jirani ana 500 na yeye 500. Hesabu ya hela imekaa sawa kabisa. Tatizo siku ile vifaranga wa jirani walikuwa na siku 14, wa kwake siku 7, na chupa ikishafunguliwa na kuchanganywa lazima iishe ndani ya saa mbili, haiwekwi akiba kwenye friji, kwa hiyo akaona bora achanje tu palepale kuliko dozi 500 zimwagwe. Ilipofika siku ya 14 yake hakurudia kwa sababu "nimeshachanja". Jirani nilipita kwake, kuku wana siku 31, wazima, wanakula. Sio ushahidi kamili, inawezekana virusi havijaingia kwake, lakini chupa ni ileile, maji ni yaleyale, asubuhi ni ileile.

Kilichomponza ni kinga ya mama. Kuku mzazi aliyechanjwa anapitisha kingamwili kwenye kiini cha yai, kifaranga anaanguliwa akiwa nazo kwenye damu, zinamlinda siku za mwanzo. Lakini kingamwili hizo hazijui kutofautisha virusi vya ugonjwa na virusi dhaifu vya kwenye chanjo, vyote zinaviua. Ukichanja zikiwa bado nyingi umemwaga chanjo. Ukichelewa mpaka zimeisha, ugonjwa unaingia kabla yako. Kuna dirisha dogo katikati na kalenda nzima inatafuta hilo dirisha.

Kwa broila kingamwili hizo zinapungua kwa nusu kila siku tatu na nusu hivi. Chukua namba za mfano tu, tuseme chanjo inapenya zikishafika 10 kushuka chini. Kifaranga aliyeanza na 60, siku ya 7 ana 15, chanjo haipenyi, ila kufika siku ya 11 ameshashuka chini ya 10. Mwenzake wa yai la kuku mwingine ameanza na 160, siku ya 7 ana 40, siku ya 14 ndio kwanza anagusa 10. Wote wako banda moja. Ndio maana tunachanja mara mbili: ya kwanza inawashika waliowahi kushuka, ya pili inawashika waliochelewa, sio kwamba tunataka kuuza chupa mbili, hili nalisema kila siku na bado kuna watu hawaniamini. Banda lenye historia ya Gumboro sisubiri ya 28, nasogeza marudio karibu na siku ya 21 na mdondo naupangia siku nyingine. Na leya usiwapigie kalenda ya broila, wao wanakua taratibu na kingamwili zinashuka taratibu pia.

Mtauliza mbona mdondo tunaanza siku ya 7 wakati kinga ya mama ipo nayo. Ile ikipigwa tone la jicho inajenga kinga palepale kwenye macho na njia ya hewa, sehemu ambayo kingamwili za damu haziizuii sana, halafu siku ya 21 tunarudia ili ishike mwili mzima.

Tukija kwenye bei. Naenda bandani kwa elfu 30 kwa kuku 500, watu wanasema ni kumimina dawa kwenye ndoo tu. Jana yake nimeshakupigia uandike kuku wamekunywa maji kiasi gani. Kama ni lita 50 kwa siku, maji ya chanjo ni kama sehemu ya tano, lita 10, yaishe ndani ya saa mbili. Nakuja saa kumi na mbili asubuhi kabla joto la Dar halijapanda, vyombo vya maji vimeoshwa bila sabuni wala dawa na vimeinuliwa kwa muda wa saa moja ili wapate kiu. Maji ya bomba yana klorini na klorini inaua chanjo, kwa hiyo naweka maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 2.5 kwa lita, yaani gramu 25, nasubiri robo saa mpaka nusu saa ndio nafungua chupa nikiwa nimeizamisha ndani ya maji. Naweka na rangi ya bluu. Vyombo viwe vingi, wanyonge nao wafike. Maji yakiisha nashika kuku hamsini huku na kule nawafungua mdomo, ulimi uwe wa bluu kwa 45 au zaidi, chini ya hapo kuna walioachwa na nakwambia ukweli.

Yule mama alipoteza 118 jumla. Dawa ya kutibu Gumboro hakuna, tulimpa maji ya kutosha na vitamini, tukapunguza joto, vifo vikakatika siku ya sita. Waliobaki tuliwarudia mdondo wiki iliyofuata ila nilimwambia wazi wawahi kuuzwa, bursa zao siziamini. Virusi hivi vinakaa bandani miezi, basi randa yote inatoka, sakafu inasuguliwa kwa sabuni kwanza, ndipo dawa, banda linakaa tupu wiki mbili. Bachi mpya inaingia mwisho wa mwezi na chupa atanunua peke yake ya dozi 500, siku ya 14 nimeshaiandika kwa chaki mlangoni kwake.