Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida mnazijua, kwa hiyo nitazipitia haraka. Vikao vya kamati vilifanyika kama ratiba ilivyotaka, maktaba imepangwa upya, na masomo manne ya ikolojia yametolewa. Mweka hazina atasoma hesabu zake baada yangu.

Nalazimika kutumia muda mrefu zaidi kwa jambo lililoleta maneno mengi: uamuzi wa kamati kuwaondoa mbwa mwitu wa Yellowstone kwenye ukurasa wa kwanza wa somo letu la spishi-mhimili, na kuweka mahali pao kiti cha pweza. Baadhi yenu mmeandika kwamba mwenyekiti amewanyang'anya wanafunzi mfano wanaoupenda. Pendekezo lilikuwa langu, rasimu zote tatu niliandika mimi, na lawama naipokea. Lakini naomba sababu zisomwe kwanza.

Neno lenyewe lilitoka kwa Robert Paine, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Washington, mwaka 1969. Alilichukua kutoka kwa waashi: jiwe la katikati juu ya tao si kubwa kuliko mengine, ila ukilichomoa tao lote linaanguka. Kazi iliyomfikisha hapo aliianza mwaka 1963 kwenye miamba ya Ghuba ya Makah, pwani ya Pasifiki ya Marekani. Alichagua kipande cha mwamba chenye urefu wa mita 8 hivi na kimo cha mita 2, akawa anarudi maji yanapokupwa, anawabandua viti vya pweza wote (Pisaster ochraceus) kwa mtaimbo na kuwatupa baharini. Kipande cha jirani hakukigusa. Hicho kipande kisichoguswa ndicho kinachotuambia kwamba mabadiliko yaliyofuata yalitokana na kuondolewa kwa mnyama huyo, wala si na baridi, dhoruba au mwaka mbaya.

Kabla ya miezi mitatu minne kupita, wanyama wadogo wa magamba wanaojigandisha kwenye mwamba walikuwa wamejaza sehemu kubwa ya nafasi. Mwaka uliofuata nao wakaanza kusongwa na kome. Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Kwenye mwamba wa pwani kinachogombewa ni nafasi kuliko chakula. Kome (Mytilus californianus) hushinda ugomvi huo kila mara, kwa kuwa huota juu ya wengine na kuwafunika. Kiti cha pweza humla kome kwa kumpanua magamba kidogo na kuingiza tumbo lake humo, na kila kome anayeliwa anaacha nafasi wazi. Mla kome akiondoka, nafasi hazifunguki tena. Mwani ukakosa jiwe la kushika, na konokono waliokuwa wakiula mwani huo wakaondoka nao. Spishi 15 zilizohesabiwa mwanzoni zikabaki 8.

Somo letu la zamani lilisema hapo kwamba "nusu ya viumbe walitoweka". Nimelifuta, na kwa hili pia nililaumiwa. Hesabu ya Paine ilihusu wale wanaoishi juu ya mwamba wenyewe na wanaoonekana kwa macho. Ndani ya tandiko nene la kome hujificha minyoo, kaa wadogo na wengine wengi ambao hawakuwamo katika hesabu ile. Tunachoweza kusema kwa haki ni kwamba jamii ya mwambani iligeuka kuwa jamii nyingine, na aina moja ikatawala nafasi.

Mwanachama mmoja aliuliza kwa nini tusiseme basi kwamba kome ndiye mhimili, maana ndiye aliyejaa kila mahali. Swali zuri. Kome ana athari kubwa kwa sababu ni wengi. Spishi-mhimili ni ile yenye athari kubwa kupita wingi wake. Viti vya pweza walikuwa wachache, na kuwaondoa kulibadilisha mwamba mzima. Asiyetofautisha mambo hayo mawili ataishia kumwita kila mnyama mhimili.

Mhimili naye si mhimili kila mahali. Bruce Menge na wenzake walirudia kazi hii pwani ya Oregon, wakaona kwamba penye mawimbi makali, ambako kome wachanga hutua kwa wingi na kukua upesi, kiti cha pweza ana nguvu zilezile. Penye maji yaliyotulia athari yake ilikuwa dhaifu. Kwa hiyo mtu asitamke neno hili kwa kuangalia jina la mnyama. Atazame ukingo wa chini wa tandiko la kome. Kiti cha pweza hapandi juu sana kwa kuogopa kukauka, kwa hiyo kome husalimika juu na huliwa chini, na mpaka huonekana kama mstari. Mstari ukishuka mwaka hadi mwaka, mbuai amepungua.

Sasa nije kwa mbwa mwitu. Waliangamizwa Yellowstone kufikia 1926, wakarudishwa 31 kutoka Kanada mwaka 1995 na 1996. Somo letu lilidai kwamba waliporudi walipunguza kulungu wakubwa, mierebi ikaota na mito ikapona. Kulungu walipungua kweli, lakini dubu, puma, wawindaji na ukame navyo vilihusika, na hapakuwa na Yellowstone ya pili isiyoguswa ya kulinganisha. Kubwa zaidi, jaribio lililoanza mwaka 2001 kwenye vijito vya kaskazini mwa hifadhi lilionyesha kwamba kuizuia mierebi isiliwe hakukutosha kuirefusha. Ilirefuka vizuri pale tu palipojengwa pia mabwawa ya kuiga ya biva, yule mnyama anayeziba mito kwa magogo. Katika miaka ya kukosekana mbwa mwitu biva walikosa mierebi wakahama, mabwawa yakabomoka, vijito vikachimbika, na maji ya ardhini yakashuka mbali na mizizi.

Hilo ndilo wanafunzi walikuwa wanalikosa: kumwondoa mbuai na kumrudisha si safari moja kwenda na kurudi. Hata mwambani, baadhi ya kome walikua kupita ukubwa ambao kiti cha pweza anaumudu, wakadumu hata baada ya yeye kuruhusiwa kurudi. Mbwa mwitu hawajafutwa. Wako ukurasa wa sita, kwa maelezo haya.

Lakini niseme wazi: uamuzi huu ulijadiliwa katika mikutano miwili iliyotangazwa, na wa pili ulihudhuriwa na watu 9 kati ya wanachama 57. Wengi wa waliolalamika hawakuwa miongoni mwa hao 9. Ada nazo, wanachama 31 hawajalipa ya mwaka huu, na 12 kati yao wanadaiwa ya mwaka jana pia. Uchapishaji wa somo jipya umesimama kwa sababu hiyo, wala si kwa uzembe wa kamati kama ilivyosemwa.

Mwaka ujao tunatumaini, hali ikiruhusu, kuandaa somo la fisi maji wa baharini, na pengine ziara ya mwambani wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali. Watakaokuja wajizoeze kwanza kuhesabu kwa fremu ya mraba: mahali palepale, kina kilekile, na kipande kimoja cha jirani kisichoguswa.

Naiwasilisha taarifa hii kwenu ijadiliwe.

Mwenyekiti