Aliyerekebisha ni nani?

Mhariri,

Nimesoma gazeti lako miaka mingi bila kukuandikia, ila ile habari ya vijana walionaswa na transkripti zilizochezewa imenishinda. Mwandishi wenu anasema "walirekebisha alama". Walirekebisha! Anayerekebisha alama ni aliyezitoa. Mwingine yeyote akizigusa anaghushi, hata kama anachoandika ni kweli.

Nasema hivyo kwa sababu mpwa wangu alikuwa na haki. Somo la takwimu lilisomeka 41. Hiyo ilikuwa alama ya mtihani peke yake, kati ya 70. Zile 23 za majaribio, kati ya 30, hazikujumlishwa. Stahili yake ilikuwa 64. Akaona ofisi zitamzungusha, akaiingiza karatasi kwenye kompyuta, akafuta 41, akaweka 64, akaombea kazi. Mwajiri alipiga hesabu tu. Somo lilikuwa na krediti 4 kati ya 40, kwa hiyo wastani ulipaswa kupanda kwa 2.3 na kufika 60.4, lakini chini bado ulisomeka 58.1. Akamuuliza msajili, rejista ikasema 41, kazi ikayeyuka. Na hata angeukumbuka wastani, rejista ingesema 41 vilevile. Nilipombana, kijana akanijibu, "Lakini Mjomba, si 64 ni yangu kweli?" Ni yako, lakini karatasi ile haisemi "nimepata", inasema "chuo kinathibitisha", na sahihi ya msajili iko chini yake. Umemlisha mtu maneno, kisha ukayasadikisha kwa muhuri wake mwenyewe!

Na dawa alikuwa nayo kwenye droo: majaribio yake yaliyosahihishwa. Angemwandikia mkuu wa idara mapema, kabla muda wa rufaa haujaisha, akaambatisha nakala, akaomba jumla ihakikiwe. Asiombe mtihani usahihishwe upya, maana huko alama inaweza hata kushuka. Mwalimu hujaza fomu ya kubadili alama, bodi ya watahini huipitisha, msajili hutoa transkripti mpya. Wakati akisubiri, angepeleka maombi na transkripti ileile yenye 41, pamoja na barua ya idara kwamba suala linashughulikiwa.

Halafu kuna hawa wanaogonga muhuri wa "nakala halisi" bila kuiona karatasi yenyewe. Ya mpwa wangu iligongwa akiwa amesimama mlangoni, na aliyegonga alikuwa anaongea na simu. Huyo hamkumwandika.

Pendekezo langu kwa vyuo: alama za majaribio na za mtihani zichapwe katika safu mbili tofauti, mwanafunzi apewe rasimu akae nayo siku 14, aisaini kila ukurasa, ndipo transkripti itoke. Wakiona kazi ni kubwa, basi wamkabidhi kila mhitimu kifutio pamoja na joho.

Mjomba aliyechoka