Barua ya wazi kwa Meya wa Mji wa Lubumbashi: abiria wanne walioachwa kituoni

Mheshimiwa Meya,

Nakuomba nafasi ya kukueleza habari ya shofere mmoja wa Hiace, kwenye njia ya kutoka mjini kwenda Ruashi. Jina lake silitaji, maana bado anatafuta kazi.

Ilikuwa saa kumi na mbili jioni, mvua inaanza, na kituo kimejaa watu kama kawaida ya saa hiyo. Gari lilikuwa limeshapata abiria wake wote. Vitabu vyake vinasema viti 15, shofere akiwemo. Kimoja ni cha resevere, yule kijana anayekusanya nauli, kwa hiyo wanaolipa ni 13. Nje walibaki watu wanne, na mmoja wao alikuwa mama mwenye beseni la samaki.

Resevere akapiga bati. “Shefu, batu bane tu! Beko na pesa mukononi.”

“Gari inajaa. Funga mulango.”

“Bale bengine bote banabeba! Leo tutakula nini?”

Shofere hakujibu. Alizima injini, akaweka ufunguo mfukoni, akakaa. Hapo sisi abiria wenyewe tukagawanyika. Baba mmoja nyuma alimwambia asijifanye polisi. Mwingine akasema tusogee, mama apande. Resevere akashuka, akatukana, akarudi. Mwishoni alifunga mlango kwa hasira na tukaondoka. Wale wanne walichukuliwa na gari lililokuwa nyuma yetu, nalo lilikuwa limejaa kutushinda.

Njiani nilikuwa nimekaa karibu na shofere, nikamuuliza. Aliniambia kwamba mwenye gari alikuwa ameongeza chuma kimoja kwenye resori za nyuma ili lisishuke likibeba wengi. Resori ikiongezwa, gari linasimama wima na ukilitazama kwa nje unaona liko sawa. Lakini breki ni zilezile, na matairi ni yaleyale. Watu wazima wanne ni karibu kilo 250, bila beseni. Uzito huo ukikaa nyuma, mbele panakuwa pepesi na usukani unalegea mkononi. Kwenye dodane, tairi linagusa bati la juu yake na unasikia harufu ya mpira. Akaniambia nikitaka kujua gari linalozidishwa kila siku, niinamie gurudumu la nyuma: hilo bati linang'aa kwa kusuguliwa.

Kulikuwa na jambo jingine, na hilo kila mtu wa mji huu analiona. Hiace yake ina usukani wa kuume. Sisi tunaendesha upande wa kuume wa barabara, kwa hiyo mlango wa gari hilo unafungukia katikati ya barabara. Abiria wa ziada ndiye anayeninginia hapo mlangoni, mgongo wake ukielekea magari yanayokuja.

Sasa nakuomba tufanye hesabu pamoja. Tuseme nauli ni faranga 1,000, na gari linapiga safari 10 kwa siku. Abiria 13 wanaleta faranga 130,000. Mafuta tuseme 50,000, na versema, yaani pesa ambayo mwenye gari lazima aipate kila jioni, 70,000. Zinabaki 10,000 za kugawana watu wawili wenye familia. Wakiongezwa wale wanne kila safari, zinabaki 50,000. Kwa hiyo yule kijana aliyepiga bati alikuwa anadai mshahara wake. Mwenye gari anapanga versema akijua kwamba viti 13 havitoshi, kisha faini ikitokea inamwangukia aliyeshika usukani.

Shofere huyu alikuwa akipeleka versema pungufu mara kwa mara, na baada ya muda gari lilipewa mwingine. Resevere amebaki kwenye gari lilelile.

Ninachoomba, Mheshimiwa, ni kwamba uwaite mezani wenye magari na ACCO, chama cha mashofere, na versema ipangwe kwa idadi ya viti vilivyoandikwa kwenye vitabu vya gari. Idadi hiyo ipakwe rangi ubavuni, karibu na mlango, ili abiria naye aweze kuhesabu. Na gari likikutwa limezidisha, faini iandikwe kwa jina la mwenye gari. Najua nauli huenda ikapanda kidogo, na wengi wetu hatutafurahi. Najua pia kwamba jioni magari hayatoshi, na mama wa samaki atasubiri zaidi mpaka yaongezeke. Ndiyo maana naomba hesabu ya magari ya jioni kwenye njia ya Ruashi ifanywe kwanza, kabla ya faini yoyote kuanza.

Kwa heshima,
Abiria wa njia ya Ruashi