Nimekaimu miezi saba, leo naletewa barua ya tarehe ya nyuma

Ndugu mhariri na wasomaji wenzangu,

Salamu kutoka Mwanza. Nina jambo linaloninyima usingizi, na ninaomba ushauri wa wenye uzoefu wa utumishi na sheria za kazi.

Ni msaidizi wa meneja wa ununuzi katika kiwanda cha kuchakata sangara huku ziwani. Mwezi Januari bosi wangu alikwenda likizo ya uzazi, nami nikapewa barua ya kukaimu. Ilikuwa fupi mno: "Umeteuliwa kukaimu nafasi ya Meneja wa Ununuzi kuanzia tarehe 5 Januari hadi atakaporejea. Utatekeleza majukumu yote ya ofisi hiyo." Basi. Tarehe ya mwisho haikuwepo, wala kiasi ninachoweza kuidhinisha, na posho haikutajwa. Niliipokea kwa furaha nikaiweka kwenye faili. Nilijua likizo ya uzazi ni siku 84, kwa hiyo nilihesabu kwamba mwisho wa Machi dada atakuwa amerudi.

Hakurudi. Mtoto aliugua, akaomba likizo bila malipo, na hakuna aliyeniandikia chochote. Nikaendelea kusaini.

Mwezi Mei wakala wetu wa Ukerewe aliomba malipo ya awali ya shilingi milioni 14, kwa ajili ya barafu, mafuta ya boti na kuwalipa wavuvi. Kwa cheo changu mwenyewe mwisho wangu ni milioni 3. Meneja anaidhinisha hadi milioni 20. Nikasaini hati ya malipo chini ya maneno "Kaimu Meneja wa Ununuzi", mhasibu akalipa siku hiyohiyo bila swali. Injini ya wakala ikafa, samaki wakaletwa pungufu, na mpaka leo tunamdai milioni 6.

Sasa ni Agosti na mkaguzi wa ndani ameuliza nilisaini kwa mamlaka ya barua ipi. Ijumaa iliyopita afisa utumishi akaniita, akanisogezea barua mpya mezani. Ina tarehe 5 Januari. Inasema nakaimu kwa siku 84, na kwamba siruhusiwi kuidhinisha malipo yanayozidi milioni 3. Akaniambia, "Saini tu kaka, ni kuweka faili sawa." Niliisoma mara tatu. Nikiisaini, malipo ya Mei yatakuwa yamefanywa na mtu ambaye ukaimu wake ulikwisha Machi, na aliyevuka kikomo alichokijua tangu siku ya kwanza. Milioni 6 zitanigeukia mimi. Nikamwomba nifikirie, na barua bado iko kwangu, haina saini.

Sikatai kuwekewa mipaka. Mipaka ndiyo niliyoihitaji Januari. Laiti ile barua ya kwanza ingesema ukaimu unaisha tarehe fulani usipoongezwa kwa maandishi, na kwamba malipo ya awali kwa mawakala yaliyozidi kiasi fulani yapelekwe kwa mkurugenzi, ningepiga simu moja tu ile siku ya Mei. Hata kama ningekuwa nasaini kwa niaba tu, yaani "k.n.y. Meneja", uamuzi ungebaki wa mwenye ofisi. Lakini niliandikiwa kaimu, na kaimu anajibu kwa saini yake.

Dada yangu yuko halmashauri. Ananiambia kwao serikalini ukaimu una kikomo cha miezi 6. Najua kanuni zao hazitubani sisi wa kampuni binafsi. Ila nimesoma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 15, kinachomtaka mwajiri kushauriana na mfanyakazi masharti ya kazi yanapobadilika na kumjulisha kwa maandishi. Sioni mahali panaporuhusu kumjulisha leo kwa tarehe ya Januari.

Ninachofikiria ni kuijibu kwa barua: nimeipokea Agosti, nitaifuata kuanzia siku niliyoipokea, na niambatishe nakala ya barua ya kwanza pamoja na hati za malipo nilizosaini kama kaimu kuanzia Aprili hadi Julai, ambazo uhasibu ulizilipa zote. Je, hilo linatosha, au litaonekana ukaidi? Na kwa aliyewahi kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi: madai yasiyo ya kuachishwa kazi hupelekwa ndani ya siku 60. Kwa posho ya kukaimu ambayo sikulipwa hata mwezi mmoja, siku hizo zinahesabiwa kuanzia lini, wakati barua yenyewe haikuitaja?

Jumatatu natakiwa kurudisha jibu.

Wenu,
Msaidizi wa Ununuzi,
Mwanza